Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuondoa ayoni watazamaji na kuandika mlinganyo halisi wa ayoni

Nafundisha kemia twisheni hapa Igoma, Mwanza, vidato vya tatu na vya nne. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa kila muhula, mengine ubaoni, mengine kwa ujumbe wa simu saa nne usiku kesho yake kukiwa na mtihani. Sehemu kubwa nimeyajibu kwa kitu kimoja tu: shabu, ile ile ambayo watu wanaoteka maji ziwani huitia kwenye ndoo ili tope litulie. Kipande cha shabu kinatosha kufundishia karibu mada yote, na bei yake haimuumizi mtu.

Mwalimu, ayoni mtazamaji ni ipi hasa?

Ni ayoni ambayo kabla ya mmenyuko ilikuwa inaelea majini, na baada ya mmenyuko bado inaelea majini, na hakuna kilichobadilika kwake. Nasema "hakuna" kwa maana ya mambo matatu: fomula yake ni ile ile, chaji yake ni ile ile, na hali yake ni ile ile, yaani (aq) imebaki (aq). Likibadilika hata moja kati ya hayo, huyo si mtazamaji tena.

Wanafunzi wengi hukumbuka fomula na chaji wakasahau hali. Bariamu iliyokuwa Ba²⁺(aq), kisha ikajikuta ndani ya BaSO₄(s) chini ya neli jaribio, bado ni Ba²⁺. Chaji haikubadilika hata kidogo. Lakini imetoka majini ikawa sehemu ya kitu kigumu, kwa hiyo imeshiriki. Ukiacha kuandika (aq), (s), (l) na (g) kwa sababu unaona ni urembo, umejinyima kipimo cha kuwatambua watazamaji.

Shabu ina fomula ndefu. Inavunjwaje?

Shabu ya kawaida ni salfeti ya potasiamu na aluminiamu, KAl(SO₄)₂·12H₂O. Ukiitia majini, yale maji 12 yaliyokuwa ndani ya kipande yanaungana na maji ya bika na hatuyaandiki tena. Kinachobaki ni hiki:

KAl(SO₄)₂(aq) → K⁺(aq) + Al³⁺(aq) + 2SO₄²⁻(aq)

Hapo pana mitego miwili. Wa kwanza ni kuivunja salfeti yenyewe, mtu akaandika S na O. Salfeti haivunjiki majini. Inasafiri nzima kama ayoni moja yenye chaji 2−. Ndivyo ilivyo pia kwa naitreti, kaboneti, haidroksaidi na amoniamu. Mtego wa pili ni ile 2 iliyo nje ya mabano. Ikishavunjwa inakuja mbele, 2SO₄²⁻. Ukiandika (SO₄)₂²⁻ umetengeneza ayoni ambayo haipo duniani.

Kisha jumlisha chaji: 1 na 3 ni 4 upande wa chanya, 2 mara 2 ni 4 upande wa hasi. Jumla ni sifuri. Kipande ulichonunua dukani hakikukupiga shoti mkononi, kwa hiyo jumla lazima iwe sifuri.

Nionyeshe mfano mmoja mwanzo hadi mwisho.

Pima gramu 2.4 za shabu iliyosagwa, yeyusha kwenye mililita 50 za maji yaliyotoneshwa. Umepata mmumunyo wa karibu 0.1 M. Chukua mililita 2 kwenye neli jaribio, kisha tonesha kloraidi ya bariamu. Weupe unatokea pale pale tone linapogusa, kama unga uliomwagika, na baada ya dakika chache unakaa chini.

Kwanza andika mlinganyo wa kawaida na uubalansi:

KAl(SO₄)₂(aq) + 2BaCl₂(aq) → 2BaSO₄(s) + KCl(aq) + AlCl₃(aq)

Pili, vunja kila chenye (aq) ambacho ni chumvi iliyoyeyuka. Chenye (s) usikiguse:

K⁺(aq) + Al³⁺(aq) + 2SO₄²⁻(aq) + 2Ba²⁺(aq) + 4Cl⁻(aq) → 2BaSO₄(s) + K⁺(aq) + Al³⁺(aq) + 4Cl⁻(aq)

Tatu, angalia nani yupo pande zote mbili bila kubadilika. K⁺ yupo. Al³⁺ yupo. Cl⁻ nne zipo kushoto, nne kulia. Hao wapige mstari. Kinachobaki:

2Ba²⁺(aq) + 2SO₄²⁻(aq) → 2BaSO₄(s)

Nne, kila namba inagawanyika kwa 2, basi gawanya:

Ba²⁺(aq) + SO₄²⁻(aq) → BaSO₄(s)

Huo ndio mlinganyo halisi wa ayoni. Hatua ya nne husahaulika mno. Mlinganyo wenye 2 kila mahali haujakosea uhesabuji, lakini haujafika mwisho, na msahihishaji ana haki ya kukata alama.

Tahadhari: kloraidi ya bariamu ni sumu ikimezwa, usiionje wala usile ukiwa unaishika. Ajabu ni kwamba mashapo yenyewe, BaSO₄, hospitali huwanywesha wagonjwa kabla ya eksirei ya tumbo. Hayayeyuki, kwa hiyo Ba²⁺ haipati nafasi ya kutoka na kudhuru. Ukiona tofauti ya Ba²⁺(aq) na BaSO₄(s) kwa jicho hilo, hutaziacha tena zile herufi za mabano.

Kwa hiyo salfeti ni mshiriki na aluminiamu ni mtazamaji. Nikariri hivyo?

Hapana, na hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Chukua mililita 2 nyingine za shabu ile ile kwenye neli ya pili. Safari hii tonesha haidroksaidi ya sodiamu ya 1 M, tone kwa tone, ukitikisa. Mashapo meupe yanatokea tena, lakini si unga: ni kama uji mwepesi wa muhogo, yanateleza, yanapitisha mwanga kidogo.

2KAl(SO₄)₂(aq) + 6NaOH(aq) → 2Al(OH)₃(s) + K₂SO₄(aq) + 3Na₂SO₄(aq)

Vunja: kushoto kuna K⁺ mbili, Al³⁺ mbili, SO₄²⁻ nne, Na⁺ sita na OH⁻ sita. Kulia kuna Al(OH)₃ mbili ngumu, K⁺ mbili, Na⁺ sita, na SO₄²⁻ nne (moja kutoka K₂SO₄, tatu kutoka Na₂SO₄). Potasiamu, sodiamu na salfeti zinaondoka. Gawanya kwa 2:

Al³⁺(aq) + 3OH⁻(aq) → Al(OH)₃(s)

Neli ya kwanza salfeti ilikuwa mchezaji na aluminiamu ilikuwa jukwaani. Neli ya pili wamebadilishana. Utazamaji si tabia ya ayoni, ni nafasi yake katika mmenyuko huo. Kuna wanafunzi wanaokuja na orodha ya "ayoni watazamaji" iliyoandikwa nyuma ya daftari. Huwa nawaomba waichane.

Mbona wengine huandika Al³⁺ + OH⁻ → Al(OH)₃ na wanasema atomu watazirekebisha baadaye?

Kwa sababu hawakukagua chaji. Mlinganyo wa ayoni una mizani mbili. Moja ni ya atomu, ya pili ni ya chaji, na zote lazima zikae sawa. Kushoto kwa huo uliouandika jumla ni 3 toa 1, yaani 2+. Kulia ni sifuri. Chaji haziyeyuki hewani. Ukiweka 3OH⁻, kushoto inakuwa 3 toa 3, sifuri, na kulia sifuri.

Si lazima jumla iwe sifuri kila mara. Inatakiwa tu ilingane. Mfano unafuata.

Nimezidisha matone na mashapo yamepotea. Nimeharibu?

Hujaharibu. Kwa mililita 2 za shabu ya 0.1 M, aluminiamu yote inahitaji karibu mililita 0.6 za NaOH ya 1 M, na kwa dropa ya kawaida hayo ni kama matone 12. Hapo ndipo uji unakuwa mzito kuliko wakati mwingine wowote. Ukiendelea, unaanza kuwa mwepesi, na baada ya tone la 16 na machache ya kuongezea maji yanarudi kuwa maangavu kabisa, unaona upande wa pili.

Al(OH)₃(s) + OH⁻(aq) → Al(OH)₄⁻(aq)

Chaji: kushoto 1−, kulia 1−. Zinalingana bila kuwa sifuri. NaOH uliyoitia ilikuja na Na⁺, lakini sodiamu imeendelea kukaa pembeni kama awali.

Kwenye mtihani wa vitendo, anayemimina NaOH kwa pupa hupita hatua ya mashapo bila kuiona, kisha anaandika "hakuna mabadiliko". Jibu lake la ayoni linakuwa limekosewa kabla hajashika kalamu.

Shabu yangu ilitoa harufu kali nilipoipasha moto na NaOH. Ni kawaida?

Hili lilinipata mimi mwenyewe mbele ya darasa. Nilinunua kipande sokoni kama siku zote, nikaandika ubaoni kwamba K⁺ ni mtazamaji, nikapasha neli moto kidogo. Wanafunzi wa benchi la mbele wakaanza kuziba pua. Karatasi nyekundu ya litmasi iliyoloweshwa, nilipoiweka juu ya mdomo wa neli, ikawa ya buluu. Ilikuwa amonia.

Kumbe kuna shabu ya aina nyingine, NH₄Al(SO₄)₂·12H₂O, ambayo badala ya potasiamu ina amoniamu. Kwa macho huwezi kuzitofautisha: zote ni vipande vyeupe vinavyong'aa, zote zinatuliza tope. Lakini kwenye mlinganyo tofauti ni kubwa, kwa sababu amoniamu haikai jukwaani pakiwa na haidroksaidi na moto:

NH₄⁺(aq) + OH⁻(aq) → NH₃(g) + H₂O(l)

Kwa kloraidi ya bariamu, NH₄⁺ ni mtazamaji tulivu kama K⁺. Kwa NaOH, ni mshiriki. Tangu siku ile sisemi ubaoni nani ni mtazamaji kabla ya kujua chupa ina nini.

Nitajuaje kipi kinayeyuka na kipi kinakuwa mashapo?

Hapa hakuna ujanja, kuna kukumbuka, lakini si kwingi. Naitreti zote zinayeyuka. Chumvi zote za kawaida za sodiamu, potasiamu na amoniamu zinayeyuka. Kloraidi zinayeyuka isipokuwa ya fedha na ya risasi (ya risasi huyeyuka kwenye maji ya moto). Salfeti zinayeyuka isipokuwa ya bariamu na ya risasi, na ya kalsiamu huyeyuka kidogo sana. Kaboneti na haidroksaidi ni kinyume: nyingi haziyeyuki, ila zile za sodiamu na potasiamu, kaboneti ya amoniamu, na haidroksaidi ya bariamu.

Kinachosumbua ni zile za katikati. Haidroksaidi ya kalsiamu huyeyuka kiasi cha gramu 1.7 hivi kwa lita moja ya maji. Maji ya chokaa yaliyochujwa yakawa maangavu, hayo unayavunja: Ca²⁺(aq) + 2OH⁻(aq). Lakini chokaa ya kupaka ukutani, ile nzito kama maziwa, sehemu kubwa yake ni Ca(OH)₂(s) inayoelea, na hiyo huivunji. Fomula moja, njia mbili za kuiandika, na kinachoamua ni ulichokiona kwenye chombo.

Tuje kwenye asidi na besi. Kwa nini HCl na NaOH, HNO₃ na KOH, zote zinatoa mlinganyo mmoja?

Kwa sababu kilichotokea ni kitu kimoja. Andika ya kwanza:

H⁺(aq) + Cl⁻(aq) + Na⁺(aq) + OH⁻(aq) → Na⁺(aq) + Cl⁻(aq) + H₂O(l)

Ondoa Na⁺ na Cl⁻:

H⁺(aq) + OH⁻(aq) → H₂O(l)

Ya pili ukiondoa K⁺ na NO₃⁻ unafika pale pale. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniambia, "Mwalimu, hizo ni hesabu za ubaoni, nitaaminije kwamba sodiamu haikufanya kitu?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Tulichukua kikombe cha foamu, kile cha chai ya kubeba, tukatia mililita 50 za HCl ya 1 M na mililita 50 za NaOH ya 1 M, zote zikiwa na joto moja. Kipimajoto kilipanda kwa zaidi kidogo ya digrii 6. Tukamwaga, tukasuuza, tukarudia kwa HNO₃ na KOH kwa vipimo vile vile. Kikapanda kiasi kile kile.

Kwenye vitabu joto hilo ni karibu kilojuli 57 kwa kila moli ya maji inayoundwa, ambayo kwa vipimo vyetu ingepandisha digrii 6.8 kama kikombe kisingepoteza joto. Laiti sodiamu na kloraidi zingekuwa na mkono katika mmenyuko, kuzibadilisha kwa potasiamu na naitreti kungebadilisha joto. Halikubadilika.

Siki je? Nimeandika H⁺ + OH⁻ → H₂O nikakoseshwa.

Umekoseshwa kihalali. Siki ina asidi ya ethanoiki, CH₃COOH, na hiyo ni asidi dhaifu. Katika mmumunyo wa 0.1 M, kati ya molekuli 100 ni kama moja tu na kidogo iliyoachia H⁺ yake. Nyingine zote zimo majini zikiwa nzima. Tunavunja kile ambacho kweli kimevunjika, na hapa karibu chote hakijavunjika:

CH₃COOH(aq) + Na⁺(aq) + OH⁻(aq) → CH₃COO⁻(aq) + Na⁺(aq) + H₂O(l)

Mtazamaji ni sodiamu peke yake:

CH₃COOH(aq) + OH⁻(aq) → CH₃COO⁻(aq) + H₂O(l)

Angalia kwamba CH₃COO⁻ imebaki. Kushoto ilikuwa imefungwa ndani ya molekuli, kulia imeachwa huru, kwa hiyo haifutiki. Kosa limejificha kwenye (aq): mtu anaona (aq) anadhani ni ruhusa ya kuvunja. (aq) maana yake ni kwamba kitu kimo ndani ya maji. Sukari nayo ni (aq) na haivunjiki hata kidogo.

Asidi kali unazokutana nazo shuleni ni HCl, HNO₃ na H₂SO₄. Hizo vunja. Ya siki, ya limao, ya maziwa yaliyoganda, na H₂CO₃, hizo ziache nzima.

Na amonia?

Ni siki iliyogeuzwa upande. NH₃ ni besi dhaifu, inaandikwa nzima. Ukiitia HCl:

NH₃(aq) + H⁺(aq) → NH₄⁺(aq)

Kloraidi ndiyo mtazamaji. Hakuna maji upande wa kulia, na wengi hushtuka. Wale walioandika amonia kama NH₄OH na kuivunja kuwa NH₄⁺ na OH⁻ wanapata H⁺ + OH⁻ → H₂O, kisha hawaelewi kwa nini haikubaliwi. Sababu ni ile ile ya siki.

Nikitia asidi kwenye kombe la konokono la ufukweni, kombe linavunjwa kwenye mlinganyo?

Haliandikwi likiwa limevunjwa. Makombe yale meupe unayoyaokota ziwani ni kaboneti ya kalsiamu, kitu kigumu. Yanaingia yakiwa (s):

CaCO₃(s) + 2H⁺(aq) → Ca²⁺(aq) + H₂O(l) + CO₂(g)

Ca²⁺ haifutwi, kwa sababu kushoto ilikuwa ndani ya kombe na kulia iko majini. Ukitumia siki badala ya HCl, mapovu yanatoka taratibu, na CH₃COOH mbili zinakaa mahali pa 2H⁺, huku CH₃COO⁻ mbili zikitokea kulia.

Inawezekana hakuna mtazamaji hata mmoja?

Ndiyo. Haidroksaidi ya bariamu na asidi ya salfuriki:

Ba²⁺(aq) + 2OH⁻(aq) + 2H⁺(aq) + SO₄²⁻(aq) → BaSO₄(s) + 2H₂O(l)

Hakuna wa kufuta. Kila ayoni imepata kazi: mbili zimekuwa mashapo, nne zimekuwa maji. Ukiwa na betri, balbu ndogo na nondo mbili za kaboni kutoka betri kuukuu, zamisha nondo kwenye bika la Ba(OH)₂ kisha tonesha asidi polepole. Balbu inafifia, inafifia, inafikia mahali karibu inazima kabisa, kwa sababu majini hakuna ayoni za kupitisha umeme. Tone kadhaa zaidi inawaka tena, kwani sasa asidi imezidi. Ukirudia kwa HCl na NaOH balbu haizimi. Wanaoiwasha ni watazamaji, Na⁺ na Cl⁻, waliobaki humo.

Na kama zote zimefutika, sijabaki na kitu?

Basi hapakuwa na mmenyuko. Changanya chumvi ya mezani na naitreti ya potasiamu: Na⁺, Cl⁻, K⁺, NO₃⁻ kushoto, na hizo hizo kulia. Andika "hakuna mmenyuko". Usilazimishe mlinganyo kwa hofu ya kuacha nafasi wazi.

Watazamaji wanaondoka kweli? Wanakwenda wapi?

Hawaendi popote. Tunawafuta kwenye karatasi, si kwenye bika. Chuja mashapo ya BaSO₄ kisha kausha maji yaliyopita kwenye karatasi ya kuchujia, utakuta chumvi za potasiamu na aluminiamu. Mwenye kutengeneza chumvi kwa HCl na NaOH, bidhaa yake ni hao watazamaji, na yale maji ya H⁺ na OH⁻ ndiyo anayoyafukuza kwa moto.

Kwa nini chupa ya fedha maabara huwa ni naitreti ya fedha, si kitu kingine?

Kwa sababu mtazamaji huchaguliwa. Unapotaka Ag⁺ ikutane na Cl⁻ peke yake, unaileta na mwenzi asiyefanya mashapo na yeyote, na naitreti ndiye huyo. Kwa hoja hiyo hiyo tunatia asidi ya naitriki kabla ya kupima kloraidi. Asidi inaondoa kaboneti ambayo nayo ingetoa mashapo na fedha. Ukitumia HCl kuondoa kaboneti, umejiletea kloraidi mwenyewe na kipimo chote kimekufa.

Mwaka mmoja niliyeyusha naitreti ya fedha kwa maji ya bomba kwa sababu yaliyotoneshwa yalikwisha. Chupa ikawa na ukungu kabla sijaitumia. Maji ya bomba yana kloraidi kidogo, na kidogo hicho kinatosha:

Ag⁺(aq) + Cl⁻(aq) → AgCl(s)

Neli zilizosuuzwa kwa maji ya bomba bila kumaliziwa kwa yaliyotoneshwa hufanya hivyo hivyo, na mwanafunzi anaandika kwa uhakika kabisa kwamba sampuli ina kloraidi.

Sasa kwenye ndoo ya maji ya ziwa, shabu inafanya nini?

Hapa mada zetu mbili zinakutana. Maji ya ziwa yana ayoni za HCO₃⁻. Al³⁺ ikiingia, HCO₃⁻ inafanya kazi ya besi na aluminiamu inatoka kama mashapo:

Al³⁺(aq) + 3HCO₃⁻(aq) → Al(OH)₃(s) + 3CO₂(g)

Kagua: kushoto 3 toa 3, sifuri, kulia sifuri. Haidrojeni 3 na 3, kaboni 3 na 3, oksijeni 9 kushoto, 3 na 6 kulia. Chembe za udongo zina chaji hasi, zinanaswa na ule uji mweupe wa Al(OH)₃ na kushuka nao, ndiyo maana asubuhi unakuta tope chini na maji maangavu juu. Vijidudu vingine vinabaki, kwa hiyo maji hayo bado yanachemshwa. Na ukishayachemsha na kuyapoza, K⁺ na SO₄²⁻ za kile kipande bado zimo ndani ya kikombe unachokunywa.